Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumuelekeza mama kwa simu afunge TV yake ya kwanza

Haya n'nayoandika yametoka kwenye kazi ya wiki mbili hivi, mimi niko Unguja mama yuko Wete, TV ya inchi 32 imekwenda kwa boti, na pale nyumbani hakuna mtu mwengine anaejua hivi vitu. Dishi fundi alishalifunga ukutani na waya alishauvuta mpaka sebuleni, king'amuzi kiko mezani kishalipiwa, kilichobaki ni TV yenyewe kutoka kwenye boksi mpaka picha itoke. Tangu nimemaliza watu wananiuliza nilifanyaje, kwahiyo naweka maswali yote hapa na majibu yake, pamoja na maneno yenyewe tulosemeshana na mama kwenye simu, muyatumie mtakavyo.

Nikae na nini mkononi kabla sijampigia?

Picha. Hili ndo kubwa kuliko yote. TV ikiwa bado dukani au bado iko kwako kabla hujaipeleka bandarini, ifungue boksi upige picha nne: mgongo mzima wa TV, yale matundu kwa karibu mpaka maandishi yasomeke, rimoti ya TV, na rimoti ya king'amuzi. Mimi nilizieka kwenye simu yangu ya pili nikazifungua mbele yangu kila tulipokuwa tunaongea, kwa sababu mama akisema "naona vitundu vitatu vimepangana", mimi nnavitizama vilevile, sibahatishi.

Na ukiweza, iwashe palepale dukani umalize yale maswali ya mwanzo ya TV mpya (lugha, nchi, na mengine) ndo uifunge tena kwenye boksi. Utampunguzia mama nusu ya kazi. Mimi sikufanya hivyo, kwahiyo huko chini nimeandika na hayo maswali tulivyoyapita.

Kitu chengine ni simu ya mama. Lazima aweze kuitia spika, maana mikono yote miwili atakuwa anaitumia. Siku moja kabla tulifanya jaribio tu la spika, apokee, abonyeze spika, aieke simu mezani, aende mpaka kwenye kabati kisha anijibu kutoka kule. Tulirudia mara tatu. Na simu iwe imechajiwa, kwa sababu mazungumzo yenyewe ni marefu.

Kwa nini usimalize yote kwa simu moja?

Kwa sababu mtu mzima akishachoka anaanza kusema "ndio" kwa kila kitu ili mtoto asijiskie vibaya, na hapo ndo kazi inaharibika maana wewe unadhani waya ushaingia kumbe bado uko mkononi. Sisi tuligawa simu tatu kwa siku tatu. Ya kwanza miguu na betri, ya pili waya, ya tatu kuwasha. Kila moja ilichukua kama nusu saa, ya tatu ilizidi. Nilikuwa nampigia saa 10 jioni, kashasali alasiri, jua bado lipo na mwanga unatosha nyuma ya TV, na tunamaliza kabla ya magharibi bila ya haraka.

Simu ya kwanza inakwendaje? Nipe maneno yenyewe.

Hii ndo tulivyoanza, nimefupisha kidogo tu:

Mimi: Shkamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu, hujambo.
Mimi: Sijambo. Mama leo hatuwashi kitu, leo tunaisimamisha tu. Boksi liko wapi?
Mama: Liko hapa kitandani, jirani kanisaidia kulipandisha.
Mimi: Vizuri, mwambie asiondoke kwanza. Tandika kanga mbili juu ya godoro. Sasa itoeni TV muilaze kifudifudi, ile kioo itizame kanga. Mshike pembeni, msikamate kioo kwa vidole.
Mama: Ishalala.
Mimi: Ndani ya boksi mna mifuko midogo ya plastiki. Mmoja una vijiti viwili vyeusi kama miguu ya kuku. Umeiona?
Mama: Hii hapa, na misumari minne.
Mimi: Hiyo si misumari, ni skrubu, nitakwambia pa kutia.

Kioo cha TV ni chembamba sana na kikikandamizwa na kitu kimoja kigumu, hata kifungo cha nguo au rimoti ilosahaulika juu ya godoro, kinapasuka kwa ndani na hakina dawa. Ndo maana nikamuambia apitishe kiganja juu ya kanga kwanza kabla hawajailaza.

Miguu kwenye TV nyingi ina ya kulia na ya kushoto, imechorwa herufi R na L. Mama hizo herufi ni ndogo kwake, kwahiyo tulitumia njia nyengine, unaueka mguu kwenye shimo lake bila kukaza, ukikaa sawa na matundu ya skrubu yakaonana basi ndo wake, ukikataa kukaa ubadilishe na mwenzake. Skrubu unakaza kwa bisibisi ya nyota mpaka iache kuzunguka kwa mkono wa kawaida, basi, ukizidisha nguvu ile plastiki ya ndani inalika.

Betri za rimoti zilitushughulisha zaidi ya miguu. Mimi nilikuwa nasema "chanya" na "hasi" na mama hajui nnalosema, na ana haki. Tulipofika kwenye kugusa ndo ikawa rahisi: ndani ya rimoti mna springi mbili ndogo, na betri ina upande mmoja bapa na upande mmoja wenye chunusi. Upande bapa unaikandamiza springi. Betri ya kwanza bapa kwenye springi, ya pili bapa kwenye springi yake, na springi moja iko juu nyengine iko chini kwahiyo betri zinalala kichwa na miguu. Aligusa kwa kidole akatia mwenyewe.

Waya ule mnene wa HDMI nimueleze vipi mtu ambae hajawahi kuuona?

Kwa umbo lake. Mama wa Pemba kaona madau maisha yake yote, kwahiyo nilimuambia: ncha ya waya huo ukiitizama kwa mbele ni kama dau, juu pana, chini kunapungua. Na tundu lake kwenye TV nalo ni dau. Madau mawili yakikaa sawa linaingia lenyewe.

Mimi: Pitisha kidole kwenye ncha ya waya, umeona upande mpana?
Mama: Nauskia, huu hapa.
Mimi: Sasa nyuma ya TV upande wa mkono wako, kuna vitundu vimepangana. Vingapi vina umbo la dau?
Mama: Viwili. Vyengine hivi ni duara, na kimoja ni cha mraba kirefu.
Mimi: Hicho cha mraba kirefu kiache, hicho ni cha flashi. Kwenye madau mawili, kuna namba pembeni?
Mama: Sioni vizuri.
Mimi: Hakuna tabu. Tia kile cha juu. Ukiuskia mgumu usisukume, ugeuze.

Hapa ujue jambo moja. Kwenye TV nyengine vile vitundu vimetengenezwa ubavuni, kwahiyo "dau" limelala kiubavu na upande mpana hautizami juu. Ukimuambia mama "upande mpana juu" utampoteza. Ndo maana ile picha ya mgongo wa TV ni muhimu, unatizama wewe kwanza mpana uko wapi ndo unamuambia. Na ukisukumwa kinyume kwa nguvu, vile vidude vya shaba vya ndani vinapinda na tundu linakufa, likifa unabakia na moja tu.

Upande wa pili wa waya ule unaingia kwenye king'amuzi, na kule mara nyingi kuna dau moja tu kwahiyo hapakosewi.

Waya wa dishi, ule wa kuzungusha kama mfuniko wa chupa, fundi alikuwa kashaufunga. Kama kwako bado, king'amuzi kiwe kimechomolewa kabisa kwenye umeme wakati mama anaufunga. Ule waya unabeba umeme mdogo, volti 13 au 18, king'amuzi ndo kinaupeleka juu kwenye kile kichwa cha dishi, hauui mtu lakini ule uzi wa shaba wa katikati ukigusa ganda la nje wakati umeme upo unaweza kukiunguza king'amuzi.

Na umeme? Nichomeke tu ukutani?

Nunua gadi, ile ya TV. Umeme wetu unakatika na kurudi, na unaporudi huwa unakuja na kishindo, na TV za siku hizi ni nyepesi hazihimili. Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010 na hali ni bora sana kuliko zama za majenereta, lakini gadi sikuiacha.

Kumbuka tu kumuambia mama kwamba gadi inasubiri kwanza kabla haijaruhusu umeme kupita. Ya TV inasubiri muda mfupi, lakini kama mmetumia ya friji inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kwenye zile dakika mama atakuambia TV imekufa. Muulize taa ya gadi ina rangi gani, halafu subirini pamoja muongee mengine.

TV nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili na soketi zetu ni za miguu mitatu minene, kwahiyo tia adapta ndani ya mzigo mapema. Mama asije akaona watu wanafungua tundu la juu la soketi kwa kijiti cha kibiriti akaiga, hilo mie silitaki nyumbani kwetu.

TV ikiwaka inauliza maswali kwa Kiingereza, mama atajibu vipi?

Kwanza muhakikishe imewaka. Chini ya TV kuna kitaa chekundu, hiyo ni TV imelala ina umeme. Kama hakuna kitaa kabisa basi tatizo ni umeme, rudini kwenye gadi na swichi ya ukutani, msihangaike na rimoti.

Mama yangu anasoma akitulia na miwani yake, lakini maneno ya Kiingereza hayajui. Kwahiyo tukawa hatusomi, tunahesabu. Kwenye kila ukurasa unaotokea pana mstari mmoja umewaka rangi tafauti na mengine, huo ndo ulochaguliwa. Mimi namuuliza: mistari mingapi, na ulowaka ni wa ngapi kutoka juu? Halafu anitajie herufi za mwanzo za huo mstari. Kwa hayo mawili mimi nnajua yuko wapi.

Lugha tuliiacha Kiingereza. Kuna TV zina Kiswahili na watu wengi watakuambia mchagulie, lakini mimi nilitaka maneno ya mama yafanane na picha zangu, na yeye akishafika kwenye chaneli hatarudi tena kwenye hizo menyu. Nchi, kama Tanzania haimo kwenye orodha chagua yoyote ya jirani, kwa anaetumia king'amuzi haina madhara.

Pale panapotaka Wi-Fi tafuta `Skip`. Kama TV yako ni ya Google itataka akaunti, hapo kuna sehemu inaitwa `Set up basic TV`, ichague hiyo, TV itafanya kazi kama TV ya kawaida bila ya intaneti.

Swali moja tu ndo nililomsimamisha mama kabisa nikamuambia usibonyeze mpaka tuelewane, nalo ni lile linalouliza `Home` au `Store`. `Home` ni nyumbani. `Store` ni duka, na ukichagua hilo TV inajidhani iko dukani inauzwa, mwangaza unakuwa mkali mno, matangazo yake yanapita juu ya picha, na ukibadilisha kitu inarudi ilivyokuwa. Jirani yetu mmoja Unguja kakaa nayo hivyo miezi akidhani TV ni mbovu.

Mimi: Maneno mangapi hapo?
Mama: Mawili. Moja limewaka.
Mimi: Hilo lilowaka linaanza na herufi gani?
Mama: S, halafu T.
Mimi: Basi hilo silo. Bonyeza mshale wa kulia mara moja. Sasa?
Mama: Limewaka la H.
Mimi: H halafu O?
Mama: H, O, M.
Mimi: Hilohilo. Bonyeza OK, kile kifungo cha katikati.

Mwisho inauliza kama itafute chaneli. Hapo tukaruka, maana chaneli zinatoka kwenye king'amuzi, TV haina cha kutafuta.

Imeandika `No Signal`. Nimefanya kila kitu. Sasa?

Hili ndo swali n'naloulizwa kuliko yote, na ndo lililotuchukulia muda mrefu zaidi, kwahiyo skizeni vizuri.

Yale maneno yanaweza kusemwa na watu wawili. Anaweza kusema TV, na anaweza kusema king'amuzi. Wakisema ni mambo mawili tafauti kabisa. TV ikisema, maana yake "kwenye tundu hili sipokei picha yoyote". King'amuzi kikisema, maana yake "mimi na TV tuko sawa ila kutoka kwenye dishi sipati kitu". Ukikosea nani anaesema, utamtuma mama akachezee waya wakati tatizo liko ukutani nje, au utamuita fundi wa dishi wakati mama kachagua tundu siyo.

Namna ya kujua ni hii. Muambie ashike rimoti ya king'amuzi abonyeze kifungo cha menyu. Ikitokea orodha yoyote, yenye rangi na picha za king'amuzi, basi TV na king'amuzi wanaonana, tatizo ni dishi. Isipotokea kitu, yale maneno yanaendelea kuelea kwenye kioo cheusi au cha buluu, basi ni TV inayosema.

Sisi siku ya tatu ilikuwa hivi:

Mama: Kuna kiboksi kinatembea tembea, kina maneno mawili.
Mimi: La kwanza fupi, herufi mbili?
Mama: Ndio, N na O.
Mimi: Shika rimoti ya king'amuzi, ile tulofunga uzi wa kijani. Bonyeza kifungo cha menyu, kiko juu ya mishale. Kuna kilichobadilika?
Mama: Hakuna, kinatembea vilevile.
Mimi: Basi hiyo ni TV. Chukua ya uzi mwekundu. Juu kuna kifungo chenye mchoro wa kisanduku na mshale unaingia ndani. Bonyeza.
Mama: Imetokea orodha.
Mimi: Ya ngapi imewaka?
Mama: Ya kwanza. T, V.
Mimi: Teremka na mshale mpaka uone inayoanza na H. Ile H kama vijiti viwili vilosimama vimeshikana mkono.
Mama: Ziko mbili za H.
Mimi: Chagua ya juu, OK.

Tukachagua ya juu, `HDMI 1`, `No Signal`. Tukachagua ya chini, `HDMI 2`, `No Signal` vilevile. Nikamuambia achomoe waya autie tena, `No Signal`. Kwa kweli hapo nilianza kufikiri waya mbovu au njiani kwenye boti kimeingia kitu. Tukakaa hivyo karibu dakika arubaini.

Halafu ndo nikamuuliza kitu ambacho nilitakiwa nikiulize mwanzo: king'amuzi chenyewe taa yake ina rangi gani? Akasema nyekundu. King'amuzi kilikuwa kimelala. Kiko kwenye umeme, waya umeingia sawa, ila hakijawashwa, na king'amuzi kikilala hakipeleki picha yoyote kwa TV, kwahiyo TV inasema ukweli wake kwamba haipati kitu. Alibonyeza kifungo chekundu cha juu kwenye rimoti ya uzi wa kijani, taa ikageuka kijani, tukasubiri kama dakika moja hivi kinajiandaa, tukarudi `HDMI 1`, na kwenye simu nikaskia sauti ya mtu anasoma habari. Mama akanyamaza kimya. Na mimi nikanyamaza.

Kwahiyo mpangilio n'naoufata sasa na n'naowaambia watu ni huu: kwanza taa ya king'amuzi, pili `SOURCE`, kile kifungo chenye mchoro wa kisanduku na mshale, mmechagua tundu gani, tatu ndo waya. Sio kinyume chake. Waya ni wa mwisho kwa sababu kila mama anapouchomoa na kuutia unaongeza nafasi ya kuharibu tundu.

Rangi za taa zinatafautiana kwa kila king'amuzi, wengine taa inazimika kikilala, wengine kinaandika saa. Tizama kwenye picha yako.

Rimoti mbili zinamchanganya, nifanyeje?

Uzi. Mwekundu kwenye ya TV, kijani kwenye ya king'amuzi, na kuanzia hapo kwenye simu hutaji tena "rimoti ya TV", unasema "ya uzi mwekundu". Kazi ya mwekundu ni mbili tu, kuwasha TV na kile kifungo cha `SOURCE`. Mengine yote, chaneli na sauti, ni kijani. Ukitaka uhakika zaidi, kwenye ya mwekundu ziba vifungo vyengine vyote kwa plasta ubakishe hivyo viwili pamoja na mishale na OK. Kuna siku mama alinipigia kwamba sauti imepotea, kumbe kabonyeza kile cha kuzima sauti kwenye ya TV na anajaribu kuirudisha kwa ya king'amuzi. Haitorudi hivyo, ilikozimwa ndiko inakorudishwa. Baada ya plasta halikutokea tena.

Kuna maneno ya kuepuka kwenye simu?

"Hapo", "hiki", "kile pale". Hamuonani. Na "bonyeza tu" nayo iepuke, mama atabonyeza kweli, mara tano. Sema "bonyeza mara moja uniambie kimetokea nini". Mimi nilijizoesha kila sentensi yangu iwe na kitu kimoja cha kufanya kisha swali moja, na sisogei mpaka swali limejibiwa.

Na usimuulize "umeona?", kwa sababu atasema nimeona. Muulize "kina rangi gani" au "viko vingapi". Hapo hawezi kukuridhisha tu, lazima atizame.

Mvua ikinyesha picha inaganda, dishi limeharibika?

Kama ni mvua kubwa ya masika, na king'amuzi ndo kinachosema hakipati signal (fanya ile ya kifungo cha menyu), hakuna kilichoharibika. Mawimbi ya haya madishi madogo yanafyonzwa na maji ya mvua kali, mvua ikipungua inarudi yenyewe. Mama asiguse kitu, hasa asiingie kwenye menyu kutafuta chaneli upya wakati wa mvua, maana kinaweza kutafuta, kisipate kitu, kikafuta zilizokuwepo.

Kama jua linawaka na bado haipati, basi muulize dishi linatizama wapi. Hapa kuna njia nzuri sana kwetu. Kutoka Pemba na Unguja kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja, na mama kibla anakijua hata akiwa amefumba macho. Dishi letu ni la Azam, setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko mashariki zaidi ya hapo, kwahiyo kwetu iko upande wa magharibi. Kwahiyo namuambia: mama simama uani uelekee kibla, dishi liwe linatizama mkono wako wa kushoto. Kama ni DStv, setilaiti yake iko nyuzi 36 ambayo kwetu ni karibu ya utosini, utakuta dishi limelala zaidi linatizama juu, hilo njia hii haikusaidii sana.

Hii haitoshi kulirudisha dishi, maana likipinda hata nyuzi mbili tatu picha inapotea na jicho halioni. Lakini upepo ukilipiga vibaya likageuka kabisa, mama anakuambia palepale na wewe unamtuma fundi bila ya kuhangaika na rimoti saa nzima.

Je kama mama hasomi kabisa?

Inawezekana vilevile, hesabu ndo inafanya kazi yote. "Umewaka wa ngapi kutoka juu" haina haja ya kusoma. Ila wewe lazima uwe na picha za zile kurasa zenyewe, kwahiyo ile ya kuiwasha TV dukani kwanza inakuwa ni lazima.

Azime vipi usiku?

Uzi wa kijani kifungo chekundu, uzi mwekundu kifungo chekundu, halafu swichi ya ukutani. Kukiwa na radi achomoe plagi kabisa, na ule waya wa dishi asiufungue wakati radi inapiga, auwache ulivyo akae mbali nao.

Siku nyengine akinipigia "TV imekufa" nianzie wapi?

Mama alinipigia juzi asubuhi na maneno hayohayo. Nikamuuliza taa ya gadi, akasema inawaka. Taa ya TV, nyekundu. Taa ya king'amuzi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ngoja mwanangu, hii nayo nyekundu, kimelala hiki," akakiamsha mwenyewe na simu akakata bila ya kuniaga.